Leso za harusi zilizofika kwa wasiozitafuta

Oktoba 2025 duka moja la leso, yaani kanga, la Biashara Street, hapa Mombasa, liliweka karuseli kwenye Instagram. Zilikuwa picha nane ndani ya posti moja, ambazo mtu huzipitia kwa kutelezesha kidole. Leso zenyewe zilikuwa nzuri, zimepigwa picha mchana kwenye mwanga wa mlangoni, na pindo, mji na jina vyote vyaonekana. Mpwa wa mwenye duka ndiye aliyeiandaa, na kwa kweli aliifanyia bidii. Wiki moja baadaye posti ilikuwa imefikia watu zaidi ya 4,000, lakini waliouliza bei walikuwa wawili. Mmoja alitaka vitambaa vya kushonea mashati, na wa pili alikuwa ng'ambo akiuliza kama kuna mikoba ya kitambaa hicho.

Mimi hushughulikia kurasa za biashara ndogo ndogo za hapa mjini, na nilipoitwa nilikuta mama mwenye duka ameshakata shauri kwamba Instagram si mahali pa kuuzia leso. "Mwanangu, watu elfu nne wameona na hakuna hata mmoja aliyekuja. Basi si wateja hao." Hapo alisema kweli kuliko alivyodhani. Waliofikiwa hawakuwa wateja wake, na sababu ilikuwa imeandikwa chini ya picha.

Kapsheni ya ile posti ilikuwa hivi, neno kwa neno:

```
Mzigo mpya umewasili!!! Karibuni nyote 🔥🔥🔥
#mombasa #kenya #africa #fashion #style #love
#instagood #africanprint #ootd #beautiful ...
```

Hashtegi zilikuwa 28. Wakati ule Instagram ilikuwa bado yaruhusu 30, na mpwa alitaka kuijaza nafasi yote, kama wanavyofanya wengi. Neno "leso" halikuwamo kwenye sentensi. Pekee lilipojitokeza ni katika hashtegi moja mwishoni, aliyoiandika #leso-za-harusi, na hiyo nayo ilikatika. Kistari hakikubaliki ndani ya hashtegi, kwa hiyo Instagram ilisoma #leso peke yake na kuyaacha "-za-harusi" kama maandishi ya kawaida. Hili huonekana kwa macho: ukishachapisha, tazama rangi ya kiungo inakomea wapi. Kinachofuata baada ya hapo si hashtegi tena. Sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wa pili wa aina hiyo, nao ni ile alama ya juu ya ng'. Ukiandika #Ng'ara, kinachobofyeka ni #Ng tu.

Sasa tazama posti yote kama anavyoiona mtu anayetafuta. Mama mmoja yuko Likoni, bintiye aolewa mwezi wa Shaabani, naye aandika "leso za harusi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Instagram yenyewe imeeleza kwamba inachotazama kwanza ni maneno aliyoyaandika mtu, kisha huyalinganisha na majina ya akaunti, maelezo ya wasifu, kapsheni, hashtegi na mahali. Jina la akaunti ya duka lilikuwa jina la ukoo na neno la Kiingereza la "makusanyo". Wasifu ulisema "ubora ni jadi yetu". Kapsheni ilisema mzigo umewasili, bila kutaja ni mzigo wa nini. Mahali hapakuwekwa. Kwa mtambo unaosoma maneno, duka lile halikuwa duka la leso.

Zile hashtegi nyingine zilifanya kazi yao, ila si kazi aliyoitaka mama. #africanprint ni chumba cha washonaji na wapenda vitambaa wa dunia nzima, na kitu kinachotafutwa sana humo ni kitenge. Mtu aliyezoea kuangalia magauni ya kitenge akionyeshwa leso hupita. Akipita yeye, na wa pili, na wa mia, posti hukosa ile ishara ya kwamba kuna watu wanaoipenda, nayo huzidi kunyamaza. Ndiyo maana wale 4,000 hawakuwa faida. Nilipofungua Insights, yaani takwimu za akaunti, kwa wiki ile na kutazama orodha ya miji, Mombasa haikuwa ya kwanza wala ya pili.

Kabla ya kugusa kitu nilimwomba mama ruhusa ya kukaa dukani asubuhi moja na daftari. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu maneno ya kutafutia hayatungwi mezani. Mteja huyaleta dukani kinywani mwake, na yaleyale ndiyo huyaandika kwenye simu akiwa nyumbani. Kufikia adhuhuri nilikuwa na ukurasa mzima. Mtu aliingia akauliza "leso za harusi ziko?" Wasichana watatu walikuja kutafuta "leso za sare", yaani rangi moja na jina moja kwa kundi zima la wanawake watakaovaa pamoja. Mchuuzi kutoka Kilifi aliuliza bei ya korija, ambayo ni 20. Mzee mmoja, ametumwa, hakujua rangi wala chochote, alijua jina tu: "Nimeambiwa ile ya Subira yavuta heri." Wawili walitaka waonyeshwe kwanza chapa ya "Mali ya Abdulla" pembeni mwa leso ndipo waulize bei. Hakuna aliyesema fasheni, wala aliyesema kitambaa cha Kiafrika.

Ukurasa ule ulizua mjadala mrefu kuhusu neno moja. Mpwa alitaka "kanga" iwe mbele ya "leso", kwa hoja kwamba kanga hujulikana na wengi zaidi: Tanzania nzima, Nairobi, hata wageni. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu neno "leso" lina matatizo yake. Tanzania, leso kwa wengi ni kitambaa cha mkononi cha kufutia jasho. Kule Chile neno hilohilo, kwa Kihispania chao, ni mtu mpumbavu. Kwa hiyo ukifungua #leso peke yake unakutana na mchanganyiko usiokuhusu, na posti yako hupotea humo. Lakini "kanga" nayo ni ndege pia, na baadhi ya watu huiandika "khanga", kwa hiyo wanaoitafuta hugawanyika.

Tulilimaliza kwa kuuliza swali jingine: tunamtaka nani? Mama alijibu bila kusita. Anataka familia za Mombasa na pwani yote, Malindi, Kilifi, Lamu, zinazoandaa harusi na zitakazonunua sare jozi 10 au 30 kwa mpigo. Watu hao husema leso. Mtanzania anayesema "doti ya kanga" ana maduka yake Kariakoo, hatavuka mpaka kwa ajili ya jozi moja. Basi "leso" ikakaa mbele, daima ikiwa na mwenzake wa kuibana maana: leso za harusi, leso za sare, leso Mombasa. "Kanga" tuliipa nafasi moja katikati ya kapsheni, ndani ya sentensi ya kawaida, kwa ajili ya yule wa pwani aliyekulia Nairobi. "Khanga" tuliiacha. Kuandika majina matatu ya kitu kimoja mfululizo huifanya kapsheni isomeke kama tangazo la mganga, na msomaji huondoka.

Wakati tunaandaa karuseli mpya, kanuni yenyewe ilikuwa imebadilika. Desemba 2025 Instagram ilitangaza kupunguza hashtegi za posti moja kutoka 30 hadi 5. Mpwa aliona ni kunyang'anywa. Mimi sikushtuka, maana tangu 2021 akaunti yao ya kuwashauri watengeneza maudhui ilikuwa ikisema 3 hadi 5 zatosha, na mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, amerudia mara kadhaa kwamba hashtegi haziongezi ufikaji kwa kiasi cha kutajika. Hata ule uwezo wa kufuata hashtegi, kama mtu afuatavyo akaunti, uliondolewa mwishoni mwa 2024. Kazi iliyobaki kwa hashtegi ni kuiambia posti ikae kabati gani. Kumfikia mtu kunategemea zaidi maneno yaliyo kwenye kapsheni na namna watu wanavyoipokea picha.

Tulichagua tano kwa kuzifungua moja moja kwenye simu, na si simu ya duka, maana hiyo imeshazoea kuonyeshwa leso. Tuliazima ya msichana wa kaunta. Kwa kila hashtegi tulitazama zile picha za juu na kujiuliza kama leso zetu zingekaa humo bila kuonekana ngeni, kisha tukatazama walioweka picha hizo ni akina nani. #HarusiMombasa na #MombasaWeddings zilitupa mshangao mdogo. Mabibi harusi wa sasa na wapambaji wao, hata wanaozungumza Kiswahili kutwa, huweka picha za harusi chini ya hashtegi za Kiingereza. Bibi harusi akitafuta mpambaji au mpiga picha hupita huko. Nilikubali iwepo ya Kiingereza, kwa kuwa wateja wenyewe ndio waliokuwa wakiitumia. Orodha ya mwisho ikawa hii:

```
#LesoMombasa #LesoZaHarusi #LesoZaSare
#MombasaWeddings #SwahiliBride
```

Herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno hazibadilishi hashtegi, #lesozaharusi ni ileile. Lakini mtu asiyeona, anayesomewa na simu, huweza kusikia maneno matatu badala ya msururu usioeleweka, na hata mwenye macho husoma haraka zaidi.

Kapsheni tuliiandika upya. Mtu anayepita huona sehemu ya mwanzo tu, takribani herufi 125, kisha maandishi hukatwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo mstari wa kwanza ulibeba kitu, shughuli na mahali:

```
Leso za harusi na leso za sare, dukani Biashara Street, Mombasa.
Majina mawili, rangi nane, jozi moja hadi korija.

Picha ya 1 hadi ya 4: SUBIRA YAVUTA HERI
Picha ya 5 hadi ya 8: MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFICHIKA

Wanaotaka kanga za kundi zima watuambie idadi na tarehe
ya harusi, tuwawekee rangi moja isikatike.
```

Mistari ya majina ya leso ndiyo ninayoipenda zaidi katika kazi hii yote. Jina limechapwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa, kwa hiyo mtu hudhani limeshaandikwa tayari. Lakini mle ni picha, na leso huwa imekunjwa, imeinama, herufi mbili zimeingia kwenye mkunjo. Sitegemei mtambo usome hapo. Nakumbuka yule mzee aliyetumwa na jina tu. Ameshika fimbo anauliza dukani, lakini mjukuu wake angeuliza kwenye simu, na hangepata kitu kama jina halimo kwenye maandishi.

Hashtegi zote ziliwekwa mwisho wa kapsheni. Mpwa alikuwa na mazoea ya kuzitia kwenye komenti ya kwanza ili kapsheni ionekane safi. Instagram ilishaeleza, pale ilipofafanua utafutaji wake, kwamba maneno na hashtegi zikae kwenye kapsheni, si kwenye komenti, kama unataka posti ionekane mtu anapotafuta. Hashtegi tano zikiwa mstari wa mwisho hazichafui chochote.

Sasa yale ya karuseli yenyewe. Hashtegi na kapsheni ni za posti nzima, huwezi kumpa picha ya tatu hashtegi yake. Lakini maandishi mbadala, yale ya sehemu iliyoandikwa "Alt text", kila picha ina yake. Kazi yake ya kwanza ni kumsaidia asiyeona, na tuliandika kwa ajili yake: "Leso ya harusi nyekundu na nyeupe, mji wa maua, jina Subira yavuta heri." Ukimweleza asiyeona kwa ukweli, maneno ya kutafutia huingia yenyewe. Mpwa alijaribu mwanzoni kurundika "leso leso za harusi leso Mombasa bei nafuu" kwenye picha zote nane. Nilimwomba afumbe macho nimsomee. Aliyafuta.

Jambo la pili la karuseli ni picha ya pili. Mtu akiiona posti asitelezeshe, Instagram huweza kumrudishia baadaye ikianzia picha ya pili. Ile ya Oktoba ilikuwa na neno kwenye picha ya kwanza peke yake, "MZIGO MPYA", na ya pili ilikuwa upande wa nyuma wa leso, bila maelezo. Safari hii ya kwanza iliandikwa "Leso za harusi" na ya pili "Sare: rangi nane", kwa herufi kubwa zinazosomeka hata kwenye simu ndogo. Mtu akianzia yoyote kati ya hizo anajua ameingia duka gani.

Halafu tukatoka nje ya posti. Mahali tuliweka Mombasa. Sehemu ya jina kwenye wasifu, ile iliyo juu ya maelezo, ambayo si jina la akaunti lenyewe, tuliiandika jina la duka na "Leso Mombasa". Hapo ni vizuri kufikiri kabla ya kuandika, kwa sababu jina hilo hubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14. Na kwa kuwa tangu Julai 2025 posti za akaunti za biashara zilizo wazi kwa wote huweza kuonekana kwenye Google pia, kapsheni yenye "leso za harusi Mombasa" ina mlango wa pili wa kuingilia wateja. Ile ya mzigo mpya haingeingia huko hata siku moja.

Tuliichapisha Januari 2026, Shaabani ikiwa inakaribia kuingia. Baada ya wiki mbili ilikuwa imefikia watu 1,900, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Mpwa alinitumia namba hiyo kwa masikitiko. Nilimwomba ateremke chini zaidi kwenye Insights. Ile ya Oktoba ilihifadhiwa na watu 6. Hii walioihifadhi ni 74, na waliotumiana ni wengi kuliko walioipenda. Mombasa ilipanda juu ya orodha ya miji, Malindi ikatokea, na Nairobi pia. Ujumbe wa kuuliza ulikuwa 19, na 11 kati yao wakanunua sare.

Lakini Januari si Oktoba. Kabla ya Ramadhani harusi huwa nyingi, na hata bila karuseli mama angeuza. Tena Insights haikwambii ni neno gani lililomleta mtu. Ndiyo maana tulikubaliana msichana wa kaunta amuulize kila mmoja wa wale 19: "Umetuonea wapi, dada? Ulikuwa unatafuta nini?" Watano walisema waliandika wenyewe, wengi wao "leso za harusi", mmoja jina la leso. Wawili walipitia kwenye picha za harusi. Waliobaki walitumiwa na jamaa kupitia WhatsApp, kwenye vile vikundi vya kuandaa harusi. Kwa hiyo neno lililotafutwa lilimleta mtu mmoja, shangazi au dada, na yeye akawabebea wengine. Huyo wa kwanza ndiye hashtegi 28 za Oktoba hazikumgusa.

Kuna tulipokosea. #LesoZaSare ilikuwa chaguo langu, na nilipoifungua baada ya wiki mbili niliona posti zetu na chache za zamani tu. Wateja husema "leso za sare" dukani na kwenye kisanduku cha kutafutia, lakini hakuna aendaye kubofya hashtegi hiyo. Maneno hayo yanatosha kwenye kapsheni. Niliibadilisha kuwa #HarusiMombasa, maana kapsheni na hashtegi huweza kuhaririwa baada ya kuchapisha, na maandishi mbadala vilevile. Siku hizi nikiona hashtegi ambayo ndani yake nipo peke yangu, naihesabu ni nafasi iliyopotea kati ya tano.

Kosa la pili lilikuwa la bidhaa. Rangi mbili zilikwisha siku ya tisa na kapsheni iliendelea kusema rangi nane. Mama wa Mtwapa alikuja kwa matatu kutafuta kijani, asiipate. Aliudhika, na alikuwa na haki. Sasa msichana wa kaunta ana ruhusa ya kuhariri kapsheni siku hiyohiyo rangi inapokwisha.

Lile daftari limebaki kaunta, limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Yeyote anayehudumia huandika alivyosikia, kwa maneno ya mteja, bila kuyasahihisha. Wiki iliyopita nilipopita nilikuta "leso za mzazi" limeandikwa mara tatu na wateja tofauti, yaani za kumpelekea mama aliyejifungua. Nilitafuta kwenye posti zote za duka tangu akaunti ifunguliwe. Hatujawahi kuyaandika mahali popote, na leso hizo ziko rafu ya pili, kushoto unapoingia.